Tangu Simu Yangu Ianze Kuwasha Viyoyozi

Zamani nikienda kununua simu nilikuwa naangalia betri, hifadhi na kamera. Siku hizi kuna kitu cha nne, na ndicho ninachokitazama kwanza kabla hata sijauliza bei. Naishika simu mkononi, nageuza ukingo wake wa juu, natafuta kidirisha kidogo cheusi kinachong'aa, kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Kikiwepo, simu hiyo inaweza kutoa miale ya infraredi, yaani inaweza kufanya kazi ya rimoti. Kisipokuwepo, nairudisha kwa muuzaji. Nataka kueleza nilivyofika hapo, na niseme wazi jambo hili lina faida kwa nani na kwa nani halina, maana nimeona watu wakiongeza hela kwa ajili yake halafu hawalitumii kabisa.

Kazi yangu ni kusimamia vyumba vya kupangisha hapa Dar es Salaam, Mikocheni na Sinza. Wageni wengine wanakaa siku chache, wengine mwezi. Wenye nyumba wako mbali, kwa hiyo mgeni akikwama simu inaita kwangu. Viyoyozi vya vyumba hivyo vilifungwa na mafundi tofauti kwa nyakati tofauti, na ni shida kukuta viwili vinavyofanana. Hapa Gree, pale LG, kule Midea, na kingine kina jina la kibandiko ambalo sijawahi kuliona popote tena. Kila kimoja kina rimoti yake, na katika chumba cha wageni rimoti ndiyo inayotangulia kupotea. Mgeni anaikunja ndani ya shuka zake akaondoka nayo bila kujua. Mtoto anaitumbukiza kwenye ndoo. Betri zinasahaulika humo mpaka zinavuja na kula vile vibati vinavyopitisha umeme, na hapo hata ukiweka betri mpya haiwaki.

Sasa mtu akose rimoti ya kiyoyozi Dar mwezi wa pili, saa tano usiku. Televisheni bila rimoti unaweza kuvumilia, nyingi zina kitufe kwa chini au kwa nyuma. Kiyoyozi cha ukutani kimewekwa juu karibu na dari, na hakina vitufe vya kupandisha wala kushusha baridi. Kina kitufe kimoja tu cha dharura, kimejificha ndani ya kifuniko cha mbele. Ukikiinua kifuniko utakiona upande wa kulia mara nyingi, na ukikibonyeza kiyoyozi kinawaka kwa mpango wake chenyewe, joto la kujichagulia. Hicho kimeniokoa usiku mwingi, lakini mgeni aliyelipia chumba hawezi kuambiwa apande kiti kila akitaka kuzima.

Dawa yangu ya zamani ilikuwa rimoti za Kariakoo, zile za viyoyozi vyote. Unashikilia kitufe cha SET, unaingiza namba ya kampuni kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, au unaiacha izunguke yenyewe mpaka kiyoyozi kiitike. Zinafanya kazi, na bado ninazo. Shida ni kwamba nazo zinapotea vilevile, na usiku wa manane huwezi kwenda Kariakoo.

Mabadiliko yaliletwa na fundi wetu wa viyoyozi. Alikuja kuosha kimoja pale Sinza, na baada ya kuosha ilibidi akiwashe kuona kama kinapooza. Rimoti haikuwepo. Mimi nikaanza kufungua droo, yeye akatoa simu yake, Redmi iliyochakaa kava, akailenga ukutani akiwa amesimama palepale mlangoni. Kiyoyozi kikalia pii, mapezi yakafunguka.

Nikamuuliza kama ameunganisha waifai. Akacheka. "Dada, hiki hakina waifai wala nini. Simu inatoa mwanga uleule wa rimoti. Mimi nisipokuwa na hii nitapimaje? Mteja ananiambia kiyoyozi kimekufa, kumbe rimoti ndiyo imekufa."

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama jambo hili kama chombo cha kazi. Kabla ya hapo nilikuwa najua kuwa simu fulani zinaweza kubadili chaneli, na nilihesabu ni mambo ya vijana kuzimiana mpira baa. Simu yangu ilipofika mwisho nilitafuta yenye kidirisha hicho, na sasa nimeitumia kiasi cha kuweza kusema inasaidia wapi na inashindwa wapi.

Kinachotoka kwenye kile kidirisha ni mwanga, ila jicho la binadamu haliuoni. Rimoti nyingi hutumia mwanga wa urefu wa wimbi wa nanometa 940, nje kidogo ya wekundu tunaoweza kuuona. Ili kifaa kisiuchanganye na mwanga wa jua au wa taa ya chumbani, mwanga huo unapepesa kwa kasi maalumu, mara nyingi mizunguko 38,000 kwa sekunde, na kipokezi kilichomo kwenye kiyoyozi kimetegwa kusikiliza kasi hiyo tu. Kisha mapigo marefu na mafupi ya mwanga huo yanabeba ujumbe. Kwa kuwa ni mwanga, haupiti ukutani. Wageni huniuliza sana kama wanaweza kuwasha kiyoyozi wakiwa bado Mwenge kwenye foleni, wakute chumba kimepoa. Kwa infraredi haiwezekani. Lazima uwe chumbani, na ncha ya simu ielekee kwenye kifaa.

Kuelewa tofauti ya ujumbe wa televisheni na ujumbe wa kiyoyozi ndiko kulikonisaidia kuliko kitu kingine chochote. Rimoti ya televisheni inatuma amri fupi. Chukua kitufe cha kuwasha na kuzima cha televisheni nyingi za LG. Ujumbe wake wote, ukiuandika kwa tarakimu za kompyuta, ni huu:

```
20DF10EF
```

Jozi ya kwanza, 20, ni anwani ya kifaa. DF ni anwani ileile iliyogeuzwa, penye sifuri pamewekwa moja na penye moja pamewekwa sifuri, ili kipokezi kihakiki kuwa hakijasikia vibaya. 10 ndiyo amri yenyewe, na EF ni amri hiyo imegeuzwa. Yote hiyo inapita kwa muda usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde. Amri ya kuwasha ndiyo hiyohiyo ya kuzima. Televisheni yenyewe ndiyo inayojua iko katika hali gani.

Kiyoyozi hakiendi hivyo. Ukibonyeza kitufe cha kuongeza nyuzi moja, rimoti haisemi "ongeza moja". Inatuma hali nzima upya: washa, poza, nyuzi 24, feni ya kati, mapezi yatulie, saa ya kujizima haijawekwa. Karibu kila kitufe unachobonyeza kinarudia habari yote hiyo. Ndiyo maana rimoti ya kiyoyozi ina kioo na ya televisheni haina. Ile namba 24 unayoisoma haikutoka ukutani. Ni kumbukumbu ya rimoti yenyewe ya kile ilichotuma mara ya mwisho. Ujumbe wa LG niliouonyesha hapo juu una biti 32. Ujumbe wa viyoyozi vingi vya Daikin una biti 280. Na kila kampuni imepanga biti zake kivyake, hata ndani ya kampuni moja mpangilio unabadilika toleo kwa toleo.

Kwa hiyo mtu akiniambia simu yake imegoma kuendesha kiyoyozi ingawa televisheni inakubali, simshangai. Programu ya simu lazima ijue mpangilio wote wa biti za kiyoyozi hicho. Kwa televisheni inatosha kujua orodha ya amri fupi.

Nitaeleza nilivyofanya kwenye kile kiyoyozi chenye jina la kibandiko, kwa kuwa hicho ndicho kilichonifundisha hatua zote. Simu yangu ni ya Xiaomi, nayo inatumia programu inayoitwa Mi Remote. Unachagua aina ya kifaa, unachagua kampuni, halafu programu inakuambia uelekeze simu kwenye kifaa na ubonyeze kitufe. Ukibonyeza inakuuliza kama kifaa kimeitika. Ukisema hapana, inajaribu seti nyingine ya kodi. Kwenye orodha jina la kibandiko halikuwepo. Viyoyozi vingi vya majina madogo vimetengenezwa na viwanda vichache vikubwa vya China, hivyo nikaanza na Gree, kisha nikaenda Midea. Kwa Gree kilikaa kimya seti zote. Kwa Midea, seti ya mwanzo tu, kikalia pii na kuwaka.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo. Fundi alikuwa ameniambia nisikubali mpaka nimejaribu vitufe vingine. Nikashusha kutoka 26 mpaka 22, namba kwenye kioo cha kiyoyozi ikashuka sawasawa. Nikabadili feni kutoka chini kwenda juu, nikasikia upepo unaongezeka. Nikabonyeza mapezi, hayakusogea. Nikabonyeza tena, kikalia pii lakini mapezi yaleyale. Maana yake kodi imefanana kwa sehemu kubwa lakini siyo yenyewe hasa. Nikarudi, nikaendelea na seti zilizofuata za Midea, na mojawapo ikakubali kila kitu, mapezi pamoja. Nikaihifadhi kwa jina la chumba. Kuipata kodi kulihitaji intaneti. Baada ya kuihifadhi, siku ambayo bando limeisha inafanya kazi vilevile.

Ule mlio wa pii ndio mwongozo wangu mpaka leo. Kisipolia kabisa, ujumbe haujafika au haujaeleweka. Kikilia halafu kikafanya tofauti na ulichoomba, ujumbe umefika na umeeleweka nusu, badilisha seti. Kwa hali ya kwanza, ya kutokulia, natenganisha simu na kodi kwa kutumia simu ya pili. Nafungua kamera ya mbele ya hiyo simu nyingine, ile ya kujipiga picha, kwa sababu kwenye simu nyingi kamera ya mbele haichuji infraredi sana kama ya nyuma. Naielekezea kidirisha cheusi cha simu yangu, nabonyeza kitufe kwenye programu. Kama kinatoa miale, kwenye kioo cha kamera utaona nukta ya mwanga mweupe unaokaribia zambarau, inapepesa. Ikiwepo nukta, simu ni nzima na tatizo ni kodi au umbali. Isipoonekana, nakagua kwanza kava. Kuna kava za jumla zinazofunika ukingo wote wa juu, na nimewahi kumpigia mtu simu nzima ya maelekezo kumbe kava ndiyo imeziba.

Njia hiyohiyo ya kamera inapima rimoti ya kawaida, na hiyo peke yake imenipunguzia kuita mafundi. Mgeni akisema kiyoyozi kimekufa, namwambia afungue kamera ya mbele ya simu yake, hata kama haina infraredi, aangalie ncha ya rimoti huku akibonyeza. Pasipo nukta, betri au rimoti. Penye nukta na kiyoyozi kimya, hapo ndipo naangalia swichi ya ukutani, na mwisho fundi.

Kuna jambo moja linalowachanganya karibu wote ninaowapa simu mkononi. Umeme ukikatika usiku na kurudi, viyoyozi vingine vinajiwasha vyenyewe vilipoachia, vingine vinabaki vimezima. Simu haijui chochote kuhusu hilo. Kwenye kioo chake inaandika kuwa kiyoyozi kimewashwa, kwa sababu mara ya mwisho ilituma "washa". Mgeni anabonyeza kitufe cha kuwasha, simu inaona ni zamu ya kuzima, inatuma "zima" kwa kiyoyozi ambacho tayari kimezima. Kinalia pii na kutulia. Mgeni anasema kimeharibika. Dawa ni kubonyeza mara ya pili. Hali hiyo inatokea pia mtu mmoja akitumia rimoti yenyewe na mwingine simu: rimoti imeweka nyuzi 20, simu bado inakumbuka 25, na ukigusa tu kitufe cha feni kwenye simu, joto nalo linarukia 25 bila wewe kuliomba. Sasa kabla ya kugusa chochote natazama namba ya ukutani, siyo ya simu.

Simu haiwezi kila kitu ambacho rimoti ya asili inaweza. Rimoti za Gree na za Midea, baadhi yake, zina kipimajoto ndani. Ukiwasha I FEEL au Follow Me, rimoti inakieleza kiyoyozi joto la pale ilipo, kitandani kwa mfano, na kiyoyozi kinapooza kwa kufuata hapo badala ya joto la juu karibu na dari. Simu haina namna ya kufanya hivyo kupitia programu hizi. Vitufe vya ziada kama kuzima taa ya kioo cha ukutani au kujisafisha huwa vipo kwenye seti fulani na kwenye nyingine havipo. Nguvu nayo ni ndogo kuliko ya rimoti nzuri yenye betri mpya. Mimi nikisimama mita tatu au nne na kulenga vizuri sikosi. Kwenye ukumbi mrefu wa mikutano nilishindwa mpaka niliposogea. Jua likipiga moja kwa moja kwenye uso wa kiyoyozi, kwa mfano dirisha la magharibi jioni, umbali unapungua zaidi, na kuvuta pazia kunatosha kubadilisha mambo. Halafu simu hizi nyingi zinatuma tu, hazipokei. Huwezi kuweka rimoti ya asili mbele ya simu ukaifundisha kodi. Kodi isipokuwepo kwenye programu, umeishia hapo.

Sasa televisheni. Nilidhani nitaitumia huko zaidi, na naitumia kidogo mno. Televisheni za vyumba vyangu nyingi ni za kisasa zenye waifai, na kwa hizo kuna programu za bure zinazofanya kazi kwa simu yoyote, iPhone ikiwemo, mradi simu na televisheni ziko kwenye mtandao mmoja. Zenye Google TV unaziendesha kwa programu ya Google TV yenyewe, na unaweza kuandika jina la filamu kwa kibodi ya simu badala ya kutembeza mshale herufi kwa herufi. Hilo infraredi haiwezi. Vijiti vya Fire TV vinavyochomekwa nyuma ya televisheni vinasikiliza rimoti yao kwa bluetuthi, kwa hiyo ukivilengea infraredi siku nzima havitakusikia. Panapobaki faida ni televisheni za zamani zisizo na mtandao, ving'amuzi, na redio za spika kubwa. King'amuzi nacho inategemea kama programu ina kodi ya toleo hilo. Lipo pia tatizo la kawaida: rimoti ya televisheni unaishika bila kuitazama, kidole kinajua sauti iko wapi. Simu lazima uifungue, utafute programu, utazame kioo. Kwa mtu anayepandisha na kushusha sauti kila tangazo linapokuja, hiyo ni karaha. Kwa kiyoyozi, unachokigusa mara moja ukiingia na mara moja kabla ya kulala, haikuudhi.

Ndiyo maana nikiulizwa na mtu anayetaka simu mpya, namuuliza kwanza ana kiyoyozi wapi na cha nani. Mwenye kiyoyozi chake kimoja nyumbani na rimoti yake ipo salama, namwambia asibadili simu wala asiongeze hela kwa ajili hii. Akanunue rimoti ya akiba. Anayesafiri kikazi na kulala nyumba za wageni mikoani, anayehamahama nyumba za kupanga, mwalimu au mhasibu mwenye ofisi ambayo rimoti imefungiwa kwenye droo ya mtu aliye likizo, msimamizi wa ukumbi, na fundi, hao nawaambia waitafute kwa makusudi. Kwao inalipa mwezi wa kwanza.

Kuitafuta kwenyewe kunataka umakini. Samsung za daraja la juu ziliwahi kuwa nayo, Galaxy S4 ya 2013 mpaka S6 ya 2015, na S7 ya 2016 ikaja bila. Kwa hiyo mtu akikuuzia Samsung iliyotumika akakuhakikishia kwamba "Samsung zote zinayo", usimsikilize. iPhone haijawahi kuwa nayo. Xiaomi, pamoja na Redmi na POCO zake, ndio walioishikilia kuliko wengine, na baadhi ya Infinix na Tecno za miaka ya karibuni zinayo hata kwenye bei za kati. Lakini jina la kampuni halitoshi, hata jina la familia ya simu halitoshi. Angalia kwenye sifa za toleo hilo hasa, mstari ulioandikwa Infrared port au IR blaster. Kisha angalia kidirisha kwa macho yako, usichanganye na tundu la maiki, ambalo ni kitobo kitupu kisichong'aa. Mimi dukani naomba kuweka programu ya rimoti na kubonyeza mbele ya kamera ya simu yangu. Nukta ikipepesa nalipa.

Kwa ambaye tayari ana simu asiyotaka kuiacha, kuna vidude vya kuchomeka chini, kwenye tundu la chaji au la sikioni. Vile vya tundu la sikioni vinatumia ujanja wa sauti: simu haiwezi kutoa sauti ya kasi ya 38,000, kwa hiyo inatoa ya 19,000 upande wa kulia na wa kushoto zikipishana, na vitaa viwili vilivyofungwa kwa kugeuziana vinawaka kwa zamu mpaka kasi inakuwa maradufu. Vinafanya kazi sauti ya simu ikiwa juu kabisa. Nilikuwa nacho kimoja. Kina udhaifu uleule wa rimoti, nacho ni kidogo zaidi, na nadhani mpaka leo kiko ndani ya kochi fulani Mikocheni.

Kati ya vyumba vyote kimebaki kiyoyozi kimoja ambacho hakuna seti iliyokikubali. Ni cha zamani, rimoti yake ilishapotea, na hakilii pii kwa kampuni yoyote niliyojaribu. Nilikuja kuona kiyoyozi cha sura ileile kwa jirani, nikaomba rimoti yake. Kwa simu isingenisaidia, maana simu haijifunzi. Nilichokihitaji kilikuwa nyuma ya rimoti, ndani ya kifuniko cha betri: herufi na tarakimu za toleo la rimoti, ambazo hazifanani na namba iliyoandikwa kwenye kiyoyozi. Nikazipiga picha, nikazipeleka Kariakoo, muuzaji akazisoma akaenda kwenye rafu ya pili akatoa inayofanana, ikakubali kila kitufe. Tangu hapo chumba kipya kikiingia mikononi mwangu, kabla ya mgeni yeyote kulala humo, napiga picha rimoti mbele, nyuma na ndani ya kifuniko cha betri, naihifadhi pamoja na kodi ya chumba hicho kwenye simu, halafu ndipo naikabidhi rimoti.